Je, Wema Uko Juu ya Mungu? Maumbo ya Plato na Hoja ya Mtu wa Tatu



Wakati wa likizo nilitumwa kusaidia mafundisho ya kipaimara katika kigango kimoja upande wa Matombo, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru. Siku hiyo somo lilikuwa sifa za Mungu. Niliandika ubaoni: "Mungu ni mwema." Kisha nikawauliza vijana ni nani mwingine wanayemjua kuwa ni mwema. Mmoja akamtaja bibi yake, nami nikaandika chini ya mstari wa kwanza: "Bibi ni mwema." Ndipo kijana mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono.

"Frateri, kama Mungu ana wema na bibi ana wema, basi wema ni kitu kingine, siyo Mungu wala siyo bibi. Sasa huo wema uko wapi? Na nani aliuumba?"

Nilimjibu haraka kwamba Mungu ana wema mwingi kuliko bibi, tena usio na mwisho. Akatulia kidogo, kisha akasema kwa adabu: "Lakini Frateri, sikuuliza nani anao mwingi."

Alikuwa sahihi. Jibu langu halikugusa swali lake, na lilikuwa limemweka Mungu pabaya: kana kwamba Mungu na bibi wanachota katika kisima kimoja, ila Mungu ana ndoo kubwa zaidi. Niliporudi seminarini nilitambua kwamba kijana yule, bila kusoma falsafa, alikuwa amefika mlangoni pa mafundisho maarufu ya Plato, na nusu ya pingamizi zito kuliko yote dhidi ya mafundisho hayo. Makala hii inaeleza yote mawili, kisha inarudi kwenye ubao ule.

Mafundisho yenyewe: kimoja juu ya vingi

Plato aliishi Athene kati ya mwaka 427 na 347 hivi kabla ya Kristo. Alianza na jambo ambalo kila mtu analiona. Tunaita vitu vingi kwa jina moja, na hatufanyi hivyo kwa kubahatisha. Tuchukue milima yetu. Lupanga unaosimama juu ya mji wa Morogoro ni mkubwa. Bondwa ulio jirani yake ni mkubwa. Kimhandu, wenye zaidi ya mita 2,600, nao ni mkubwa. Ni milima mitatu, kila mmoja na mahali pake, miamba yake na misitu yake. Hata hivyo kuna jambo moja tunalolisema juu ya yote mitatu, na tunalisema kwa haki.

Kiswahili kinatupa njia rahisi ya kulitaja jambo hilo moja. Tunaweka *u-* mbele: kutoka *mkubwa* tunapata *ukubwa*, kutoka *mwema* tunapata *wema*, kutoka *mtu* tunapata *utu*. Plato hakuwa na kiambishi hicho, lakini alifanya kazi ileile kwa maneno kama "ukubwa wenyewe" na "uzuri wenyewe". Kisha akapiga hatua moja zaidi, na hatua hiyo ndiyo mafundisho yake hasa. Alisema kwamba Ukubwa wenyewe si neno tu, wala si wazo lililo kichwani mwetu. Upo kweli, na upo kando ya vitu vilivyo vikubwa. Vitu kama hivyo vyenye kuwepo kwa namna hiyo tutaviita hapa Maumbo. Milima ni mikubwa kwa sababu *inashiriki* katika Umbo la Ukubwa.

Kwa nini aliyaweka kando? Sababu zake hazikuwa za kijinga. Mlima mmoja unaweza kuwa mkubwa na mdogo kwa wakati mmoja: Lupanga ni mkubwa ukiulinganisha na kilima cha nyuma ya kanisa, ni mdogo ukiulinganisha na Kilimanjaro. Mvua ya miaka mingi inaweza kuumomonyoa. Lakini maana ya kuwa mkubwa haimomonyoki, wala haigeuki kuwa udogo. Tena, tunapojua kweli kitu fulani, tunajua kisichobadilika. Kwa hiyo, aliona Plato, lazima kuwe na kitu kisichobadilika cha kujuliwa, na kitu hicho hakiwezi kuwa mmojawapo wa milima hii inayobadilika.

Shika neno moja hapa, maana litatuhukumu baadaye: kila Umbo ni *moja*. Faida yote ya mafundisho haya ni kwamba yanakusanya vingi chini ya kimoja.

Pingamizi: Plato dhidi ya Plato

La kushangaza ni kwamba pingamizi zito dhidi ya Maumbo tunalikuta kwanza katika maandishi ya Plato mwenyewe. Katika mazungumzo yaitwayo *Parmenide*, anamweka Sokrate akiwa bado kijana sana mbele ya Parmenide, mzee wa miaka 65 hivi. Sokrate anayaeleza Maumbo kwa ujasiri. Mzee anamsikiliza, anamsifu kwa bidii yake, halafu anaanza kuuliza.

Hoja yake nitaieleza kwa milima yetu, hatua kwa hatua.

Kwanza, tunaitazama Lupanga, Bondwa na Kimhandu kwa pamoja. Tunaona jambo moja ndani ya yote. Tunasema: upo Ukubwa, ambao kwa huo mitatu hii ni mikubwa. Tuuite Ukubwa wa Kwanza. Mpaka hapo Sokrate anakubali.

Pili, mzee anauliza: je, huo Ukubwa wenyewe si mkubwa? Sokrate anaona vigumu kukataa. Kitu kinachoifanya milima yote iwe mikubwa kingewezaje kukosa kuwa kikubwa?

Tatu, sasa tazama kwa jicho la akili kundi jipya: Lupanga, Bondwa, Kimhandu, na Ukubwa wa Kwanza. Ni vitu vinne, na vyote ni vikubwa. Kwa kanuni ileile tuliyoitumia mwanzo, lazima kuwe na jambo moja ambalo kwa hilo vyote vinne ni vikubwa. Haliwezi kuwa Ukubwa wa Kwanza, kwa kuwa huo sasa ni mmoja wa wanaohitaji kuelezwa. Basi upo Ukubwa wa Pili.

Nne, Ukubwa wa Pili nao ni mkubwa. Kundi sasa lina vitu vitano, na vyote vinadai Ukubwa wa Tatu. Kisha wa Nne, kisha wa Tano, wala hakuna mahali pa kusimama.

Mzee anamalizia kwa kumwonyesha Sokrate kilichompata: kila Umbo halitakuwa tena moja, bali litakuwa wingi usiohesabika. Angalia pigo limeangukia wapi. Hasemi tu kwamba mfululizo ni mrefu mno. Anasema kwamba mafundisho yaliyoahidi *kimoja* juu ya vingi yamezaa vingi zaidi ya vile tulivyoanza navyo.

Aristoteli, aliyekuwa mwanafunzi wa Plato, anaitaja hoja ya namna hii kwa jina la "Mtu wa Tatu". Badala ya ukubwa tunaweka mtu: kuna watu tunaowaona, huyo ni wa kwanza, kuna Mtu mwenyewe aliye Umbo, huyo ni wa pili, na juu ya hao anatokea mtu wa tatu ambaye kwa huyo wote wawili ni watu. Jina hilo ndilo lililobaki vitabuni mpaka leo.

Jembe la kuazima

Mtu anaweza kuuliza: kuna ubaya gani mfululizo ukiwa hauna mwisho? Namba nazo hazina mwisho, wala hatulii. Ni kweli kwamba leo ni Jumatano. Na ni kweli kwamba ni kweli kwamba leo ni Jumatano. Na unaweza kuendelea hivyo mpaka uchoke. Mfululizo huo haumdhuru mtu, kwa sababu hatua ya kwanza haingojei zile zinazofuata. Ikiwa leo ni Jumatano, yametosha.

Mfululizo wa Parmenide ni wa aina nyingine. Niliuelewa vizuri kwa msaada wa mwalimu katekista wa kigango kile, mzee anayelima migomba na viungo. Siku ile tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimwambia jinsi kijana alivyonibana. Akacheka, akasema: "Frateri, mtu akikuambia jembe hili nimeazima kwa jirani, sawa. Jirani naye akisema ameazima kwa shemeji, sawa. Lakini kama kijiji kizima wameazima, jembe limetoka wapi?"

Hapo ndipo penye kiini. Tulipouliza kwa nini Lupanga ni mkubwa, tuliambiwa umeazima ukubwa wake kwa Ukubwa wa Kwanza. Lakini Ukubwa wa Kwanza nao ni mkubwa kwa kuazima kwa wa Pili, na wa Pili kwa wa Tatu. Kila mmoja anatuelekeza kwa anayefuata, na hakuna hata mmoja aliye nacho kitu hicho kwake mwenyewe. Maelezo hayajacheleweshwa tu, hayapo. Hii ndiyo alama ya mrejeo unaodhuru: kila hatua inangoja inayofuata ndipo ipate kusimama. Ukitaka kujua kama mrejeo fulani unadhuru au haudhuru, uliza swali hilo: je, ya kwanza inaweza kusimama bila ya pili?

Kosa liko wapi?

Mwaka 1954 Gregory Vlastos, mwanafalsafa aliyezaliwa Istanbul na kufundisha Marekani, alichapisha makala iliyowarudisha wasomi wengi kwenye hoja hii. Alionyesha kwamba mrejeo hautoki kwenye kanuni ya "kimoja juu ya vingi" peke yake. Unahitaji misingi miwili mingine ambayo Parmenide haitamki wazi. Wa kwanza unasema: Umbo lenyewe lina sifa ile inayolitoa, Ukubwa ni mkubwa, Wema ni mwema. Wa pili unasema: hakuna kitu kilicho na sifa kwa nafsi yake, kila chenye sifa kinaipata kwa kingine. Ukiondoa mmoja wa misingi hiyo miwili, mrejeo unakatika. Kuna milango miwili ya kutokea, basi, na kila mmoja tuupime.

*Mlango wa kwanza: kukataa kwamba Umbo lina sifa yake.* Kiswahili kinatusaidia kuona kwamba msingi ule haupaswi kupita bila kuulizwa. Jaribu maneno haya: ugonjwa ni mgonjwa? Hapana, anayeumwa ni mtu, ugonjwa hauumwi. Uzee ni mzee? Hapana. Ujinga ni mjinga? Huwezi kuupeleka shule. Ulevi haujalewa, na ufupi hauna kimo. Katika mifano hii kila mmoja wetu anaona mara moja kwamba jina la *u-* halitaji mtu mwingine au kitu kingine cha kundi lilelile. Linataja vile kitu kilivyo.

Kwa nini basi Sokrate hakukataa? Kwa sababu kuna maneno mengine ambayo yanatuvuta. "Uzuri ni mzuri" haisikiki vibaya, wala "haki ni ya haki", wala "wema ni mwema". Plato alipenda Maumbo ya namna hii kuliko mengine. Katika mazungumzo yake mengine Uzuri wenyewe ndio mzuri kupita vyote, na roho inautamani. Kwake Umbo lilikuwa kielelezo kikamilifu, na kielelezo cha uzuri kisicho kizuri kingekuwa kielelezo gani?

*Mlango wa pili: kukubali kwamba Umbo lina sifa, lakini si kwa kuazima.* Katika kijiji cha katekista, ni yule mmoja ambaye jembe ni lake. Kwa mlango huu tunasema: Lupanga ni mkubwa kwa kushiriki, lakini Ukubwa ni mkubwa kwa nafsi yake. Mrejeo unakatika. Lakini mlango huu una gharama. Kama "mkubwa" kwa Lupanga na "mkubwa" kwa Ukubwa ni neno moja lenye maana ileile kabisa, Parmenide atarudi na kuvikusanya tena katika kundi moja. Anayepitia hapa lazima aeleze kwa nini kinachokopesha hakihesabiwi pamoja na wanaokopa.

Jina la Matombo

Sokrate kijana anajaribu kujitetea. Anasema labda Maumbo ni kama vielelezo, na vitu ni nakala zinazofanana nayo. Mzee anamjibu: kama nakala inafanana na kielelezo, kielelezo nacho kinafanana na nakala. Vitu viwili vinavyofanana vinafanana kwa kushiriki jambo moja. Basi juu yao kuna Umbo jingine, na mrejeo umerudi kwa mlango wa nyuma.

Hapa mahali petu penyewe panatoa mfano. *Matombo* kwa Kiluguru ni matiti. Wenyeji husimulia kwamba jina lilitokana na vilele vinavyoonekana kama maziwa ya mama. Sasa fikiri: tunasema kilele kinafanana na titi la mama. Je, kuna mama yeyote duniani anayesema kwamba anafanana na kilele? Jina lilisafiri upande mmoja, kutoka kwa mama kwenda mlimani, wala halikurudi. Vilele viwili vinaweza kufanana kila kimoja na mwenzake, kwa kuwa ni vya daraja moja. Lakini pale ambapo kimoja ndicho kinachotoa jina na kingine kinapokea, mfanano hauendi pande zote mbili kwa namna moja. Ni kama picha ya kitambulisho: tunasema picha inafanana na mwenyewe, na kama haifanani tunailaumu picha. Hatumlaumu mwenye sura.

Sidai kwamba mfano huu unammaliza Parmenide. Vilele na mama vyote ni vya hapa duniani, na mtu mkaidi anaweza kusema kwamba vina duara moja la umbo linaloonekana. Lakini unatuonyesha mahali pa kusukuma: katika lile neno "basi kielelezo nacho kinafanana na nakala". Na hapo ndipo Mtakatifu Tomaso wa Akwino alipoweka mkono wake.

Tomaso anatumia milango yote miwili

Kwa vitu vya asili, Tomaso (aliyefariki mwaka 1274) anamfuata Aristoteli na kupitia mlango wa kwanza. Utu haupo kando ya watu. Hakuna Mtu mwenyewe anayeishi mahali fulani mbali na mimi na wewe. Utu upo ndani ya kila mtu, na ndani ya kila mtu ni utu wake. Akili yetu ndiyo inayoutazama bila kuangalia kwamba ni wa huyu au wa yule, na kwa namna hiyo unakuwa wa jumla.

Katika kitabu chake kidogo juu ya kuwepo na kiini, alichokiandika angali kijana, anaongeza jambo la hila linalostahili kusomwa polepole. Anauliza: utu, ukitazamwa kama utu tu, ni mmoja au ni wengi? Kama umoja ungekuwa sehemu ya maana ya utu, usingeweza kuwa ndani ya bibi na ndani ya mjukuu pia. Kama wingi ungekuwa sehemu ya maana yake, usingeweza kuwa ndani ya bibi peke yake. Kwa hiyo utu kwa wenyewe si mmoja wala si wengi. Ni wengi ndani ya watu, ni mmoja ndani ya akili. Parmenide alihesabu: mlima, mlima, mlima, na Ukubwa, jumla vinne. Tomaso anamzuia kabla ya jumla hiyo. Utu si kitu cha kuhesabiwa pamoja na watu, kwa hiyo kundi jipya halipatikani, na mtu wa tatu hana pa kuzaliwa.

Haya hayamaanishi kwamba vitu havina kielelezo cha milele. Mtakatifu Augustino alikuwa amekwisha kufundisha kwamba yale ambayo Plato aliyaita Maumbo yamo katika akili ya Mungu, kama fundi anavyokuwa na nyumba akilini kabla ya kuijenga. Tomaso anakubali. Lakini nyumba iliyo akilini mwa fundi si nyumba nyingine mtaani.

Na wema je? Katika *Suma ya Teolojia*, sehemu ya kwanza, swali la 6, Tomaso anauliza kama vitu vyote ni vyema kwa wema wa Mungu. Anamtaja Plato, na anasema kwamba kuweka Maumbo ya vitu vya asili yaliyojitenga hakuna msingi, kama Aristoteli alivyoonyesha. Lakini anaongeza kwamba jambo moja katika fikra ile ni kweli kabisa: yupo wa kwanza ambaye ni mwema kwa kiini chake, naye tunamwita Mungu, na vingine vyote ni vyema kwa kushiriki kwake. Huu ni mlango wa pili, na unafunguka mahali pamoja tu. Lupanga hauhitaji Ukubwa ulio mkubwa. Lakini viumbe vilivyo vyema kwa kuazima vinamhitaji yule ambaye jembe ni lake. Mungu hana wema. Mungu ni wema wake.

Na ile gharama ya mlango wa pili? Tomaso anailipa kwa hatua mbili. Kwanza, Mungu hayumo katika jamii yoyote ya vitu, kwa hiyo hawezi kuwekwa katika kundi moja na viumbe ili kitafutwe kilicho juu yao wote. Pili, katika swali la 4 anatumia neno la Dionisi: viumbe vinafanana na Mungu kwa namna fulani, lakini hatusemi kwamba Mungu anafanana na viumbe, kama vile sanamu inafanana na mtu na si mtu na sanamu. Ule mwendo wa upande mmoja tuliouona katika jina la Matombo unapata hapa mahali pake. Neno "mwema" kwa Mungu na kwa bibi halina maana mbili zisizohusiana, wala halina maana moja ya kiwango kimoja. Linasemwa kwa ulinganifu: kwa Mungu kama chanzo, kwa bibi kama anayepokea. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulikuwa umekwisha kuweka mpaka huo: kila mfanano kati ya Muumba na kiumbe unafuatana na kutofanana kulikokubwa zaidi.

Lipo swali moja ambalo Tomaso haliondoi, na ni haki kulitaja. *Kushiriki* ni nini hasa? Tukisema ni kifungo kati ya kiumbe na wema, mtu atauliza ni nini kinachokifunga kifungo hicho, na mrejeo mpya utaanza kuchungulia. Jibu la Tomaso ni kwamba kushiriki si kitu cha tatu kati ya Mungu na kiumbe; ni kule kuwekwa na kudumishwa kwa kiumbe na Mungu. Wanaosoma metafizikia watalikuta swali hili tena, na halimalizwi kwa ukurasa mmoja.

Tukirudi ubaoni

Kosa langu siku ile halikuwa katika sentensi zangu mbili. Mungu ni mwema, na bibi ni mwema, zote ni kweli. Kosa lilikuwa kuziandika moja chini ya nyingine kama orodha ya wenye wema, Mungu akiwa wa kwanza. Kijana alifanya kile ambacho kila mwenye akili hufanya akiona orodha: alitafuta jambo moja lililo juu ya wote waliomo. Na kwa kuwa Mungu alikuwa ndani ya orodha, jambo hilo likawa juu ya Mungu.

Jumapili iliyofuata nilimwita baada ya Misa, katekista akiwepo. Nilimwambia kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Kisha nikamwambia: wema wa bibi yako ni wa kweli, ni wake, lakini ni wa kuazimwa. Huo wema uliouulizia uko wapi, ambao hakuna aliyeuumba, si kitu cha tatu. Huyo ndiye Mungu mwenyewe.

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo pale ubaoni, Frateri, ungepaswa kumwandika Mungu wapi?"

Katekista akamjibu kabla yangu: "Asingemwandika kwenye orodha, mwanangu."